Punje Moja ya Mbolea katika Nusu Kilo ya Udongo

Mwezi wa Agosti 2016 nilipigiwa simu kutoka maabara ambayo tulikuwa tumeipelekea sampuli 40 za udongo wa mashamba ya viazi na kabichi ya Lukozi, wilayani Lushoto. Aliyepiga alikuwa fundi sanifu, mama mtu mzima aliyekwisha kupima udongo kwa miaka mingi kuliko umri wangu kazini, na baada ya salamu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huu udongo wenu umetoka shambani au umetoka dukani kwa mbolea?" Sampuli 32 zilikuwa na fosforasi ya kawaida kwa udongo mwekundu wenye uchachu, yaani kati ya miligramu 5 na 11 kwa kila kilo ya udongo kwa njia ya maabara iitwayo Bray. Nane zilizobaki zilianzia 19 na kufika 84. Alikuwa amezipima upya, naye alitaka kujua kwanza kwangu kabla ya kutia sahihi kwenye majibu.

Jambo la kwanza nililolifikiria, nakiri, ni kwamba maabara ndiyo iliyokosea. Lakini katika shehena ile nilikuwa nimeficha mtego mdogo ambao mwalimu wangu wa chuoni alinifundisha: sampuli moja niliigawa mara mbili, kila nusu nikaipa namba yake, na maabara haikuambiwa kwamba ni udongo uleule. Majibu ya nusu hizo mbili yalikuwa 7.1 na 7.6. Maabara inayotoa majibu yanayokaribiana hivyo bila kujua kwamba inapimwa haiwezi kutupiwa lawama kirahisi, kwa hiyo ilinibidi nirudi nyuma hatua kwa hatua, kuanzia pale tulipofunga bahasha hadi pale jembe lilipoingia ardhini.

Shambani hakukuwa na kosa kubwa. Kila shamba lilichukuliwa vijisampuli 15 hadi 20 kwa kutembea kizigizagi, kina cha sentimita 0 hadi 20, vikachanganywa kwenye ndoo ya plastiki na kupunguzwa hadi kufikia kilo moja hivi. Ndoo ya bati tulikuwa tumeikataa makusudi, maana bati hupakwa zinki, na udongo unaokwaruza ukuta wa ndoo hiyo huondoka na zinki ambayo haikuwa yake. Tatizo lilianzia barazani, mahali pa kuanikia.

Anayeijua Lushoto mwezi wa Juni anajua pia kwamba kukausha udongo kule si kazi ya siku mbili. Ukungu unashuka asubuhi na kurudi jioni, jua lenyewe linatoka kwa haya, na udongo wa mfinyanzi uliotoka kwenye masika unashikilia maji yake kama mtu aliyeshikilia deni. Msimu mmoja kabla ya huo nilikuwa nimejifunza kwa gharama kwamba hauwezi kuachwa ndani ya mfuko ukisubiri. Gari liliharibika, nasi tukakaa na mifuko ya rambo iliyofungwa kwa siku tisa. Tulipoifungua, harufu ilikuwa ya dimbwi. Vijidudu vya udongo havijui kwamba vimetolewa shambani. Vikiwa na unyevu na joto vinaendelea kula mboji na kuigeuza naitrojeni yake kuwa amonia na naitreti, na hewa ikiisha ndani ya mfuko, naitreti hiyohiyo inageuka gesi na kupotea. Kwa hiyo namba ya naitreti inayopatikana baada ya siku tisa inaeleza maisha ya mfuko, haielezi shamba. Tangu wakati huo, sampuli ya kupimia naitreti naitenga mapema, naifunga, naiweka kwenye boksi lenye barafu na kuisafirisha ikiwa mbichi. Zilizobaki zote zinaanikwa siku ileile zinapotoka shambani.

Kuanika kwenyewe kuna masharti machache ambayo watu wengi huyavunja kwa nia njema. Udongo unatandazwa kwa unene wa sentimita moja au mbili, kivulini, mahali penye hewa inayopita, joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Mwenzangu mmoja, alipoona ukungu umegoma, aliweka karatasi ya bati juu ya jiko la mkaa akakausha sampuli sita kwa saa moja, akazileta zikiwa kavu kama kahawa ya kukaanga, naye akiona amenisaidia sana. Joto la namna hiyo hufungua manganizi iliyokuwa imefungwa na kuifanya ionekane nyingi, hubadilisha potasiamu inayopatikana, na huanza kuunguza mboji. Zaidi ya hayo kuna majivu ya mkaa. Majivu yana potasiamu na chokaa, na kijiko kidogo kikidondokea kwenye sinia kinaweza kuupa udongo wenye uchachu afya ambayo shamba halina. Zile sita tulizitupa. Jua kali la moja kwa moja nalo nalikwepa, kwa kuwa karatasi nyeusi au bati lililowekwa juani saa saba mchana hupita nyuzi 40 bila mtu kujua.

Kuna saa moja katika kukausha ambayo ukiikosa utailipia baadaye. Siku ya pili, wakati mwingine ya tatu, udongo wa mfinyanzi unafika hali ambayo bonge ukilibana kwa vidole linapasuka na kumwagika kama ugali uliolala, halinati wala halijawa jiwe. Hapo ndipo pa kupita kwenye kila sinia na kuvunja madonge yote kwa mikono safi hadi yawe madogo kuliko punje ya hindi. Ukichelewa hadi siku ya tano, madonge ya Lukozi yanakuwa matofali, na utalazimika kuyaponda kwa nguvu, na nguvu hiyo itavunja hata mawe yaliyolainika ambayo hayakupaswa kuingia kwenye sampuli.

Kujua kama umekauka, sitegemei macho. Napima sinia moja ya mfano kwenye mizani ya jikoni asubuhi mbili mfululizo. Uzito usipopungua, kazi imekwisha. Pasipo mizani, natia viganja viwili vya udongo kwenye mfuko mwangavu, naufunga na kuuweka juani kwa dakika kumi. Ukiona umande ndani ya plastiki, rudisha sinia barazani.

Sasa turudi kwenye zile nane. Daftari langu lilionyesha kwamba zote zilianikwa tarehe moja, siku ya mwisho ya ukusanyaji, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa penseli maneno mawili: "karatasi zimeisha". Nikakumbuka. Karatasi za kaki tulizokuwa tukitandika zilipoisha, kijana aliyekuwa akinisaidia aliingia stoo ya kikundi, akachukua mifuko mitupu ya mbolea, akaipasua, akaikung'uta vizuri na kuitandika. Mimi nilikuwepo. Niliiona ikiwa myeupe na safi kuliko karatasi, nikasema sawa.

Ile ilikuwa mifuko ya DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi. Mfuko wa DAP hata ukikung'utwa hubaki na vumbi kwenye nyuzi na punje moja moja kwenye mikunjo ya mshono. Nikafanya hesabu usiku ule, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Punje ya DAP yenye kipenyo cha milimita 3 hivi ina uzito wa miligramu 25 kwa makadirio, na sehemu ya tano ya uzito huo ni fosforasi, yaani miligramu 5. Nusu kilo ya udongo wa shamba lenye fosforasi ya miligramu 8 kwa kilo ina jumla ya miligramu 4 tu za fosforasi inayopimika. Punje moja, ambayo ungeweza kuidhania kijiwe, ilikuwa imebeba fosforasi nyingi kuliko nusu kilo nzima ya udongo. Ikisagika na kuchanganyika, 8 inakuwa 18 hivi. Na kwa kuwa maabara hupima gramu chache tu, 3 au pungufu, kutoka kwenye nusu kilo hiyo, kipande cha punje kikianguka ndani ya gramu hizo namba inaruka mbali zaidi, na kikikosekana namba inashuka. Ndiyo maana zile nane hazikuongezeka kwa kiasi kimoja bali zilitawanyika kutoka 19 hadi 84.

Hesabu peke yake ni dhana, lakini nilikuwa na ushahidi. Ninapochekecha huwa situpi mawe: nayatia kwenye kifuko chake chenye namba ya sampuli, nitaeleza baadaye kwa nini. Nilifungua vifuko vya zile nane nikavimwaga kimoja kimoja kwenye sahani nyeupe. Katika viwili nilikuta punje za mviringo, za kijivu, laini kidogo kuliko changarawe. Nilidondosha tone la maji juu ya moja. Changarawe hubaki changarawe. Ile ililegea, ikatoa ute wa kijivu, na baada ya muda kidogo nilipoigusa kwa ncha ya penseli ikasambaa. Punje nzima zilizuiwa na chekeche. Zile zilizonyonya unyevu wa udongo mbichi na kulainika zilipondwa pamoja na madonge, kwa mkono wangu mwenyewe, zikapita.

Kuchekecha ndiyo hatua ambayo watu huiona nyepesi. Chekeche linalotakiwa ni la tundu za milimita 2, kwa sababu wanasayansi wa udongo wamekubaliana kwamba kinachopita hapo ndicho udongo na kinachobaki ni changarawe. Wavu uwe wa nailoni au wa chuma kisichoshika kutu; chekeche la shaba iliyochanganywa na zinki linafaa kwa vipimo vingi lakini huharibu vipimo vya shaba na zinki. Madonge yanapondwa kwa mti: mtwangio mdogo juu ya ubao mgumu, au kipini cha kusukumia chapati ambacho hakitarudi tena jikoni. Kinachopondwa ni donge tu. Jiwe linabaki jiwe.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa vijana wapya ni kuacha kuchekecha mfuko unapojaa. Anatikisa, nusu kilo inapita upesi, na kilichobaki juu ya wavu anakimwaga uani akidhani ni takataka. Lakini kilichopita upesi ni mchanga na vumbi, na kilichobaki ni madonge, yaani ndiko uliko mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi ndio unaoshika potasiamu, kalsiamu na sehemu kubwa ya mboji. Anakuwa amepeleka maabara nusu maskini ya shamba. Kwa hiyo kanuni yangu ni kurudisha madonge kwenye ubao mara nyingi iwezekanavyo hadi juu ya wavu kubaki mawe na mizizi pekee. Baada ya hapo mizizi inatupwa na mawe yanapimwa. Sampuli moja ya mwaka ule ilikuwa na uzito wa gramu 612 ikiwa kavu, mawe yakiwa gramu 92, sawa na asilimia 15. Majibu ya maabara yanahusu gramu 520 zilizopita tu, na anayekokotoa mbolea kwa hekta bila kujua asilimia ile atalihesabia shamba udongo ambao haupo.

Kati ya sampuli na sampuli nasafisha chekeche kwa brashi kavu, halafu napitisha kiganja kimoja cha sampuli inayofuata na kukitupa, ndipo naanza kazi yenyewe. Maji sitii, kwa kuwa wavu wenye unyevu hushika vumbi na kulikabidhi kwa sampuli inayofuata. Napenda pia kuanza na udongo wa chini au wa mashamba yaliyochoka na kumaliza na bustani zilizowekwa samadi, ili mabaki yakivuja yavuje kutoka kwa maskini kwenda kwa tajiri, ambako hayataonekana sana.

Udongo uliochekechwa ukitikiswa hujipanga: laini chini, wenye chembe kubwa juu. Kuchota kwa kijiko kutoka juu ya mfuko ni kuchagua bila kukusudia. Naumwaga wote kwenye karatasi safi, nauchanganya kwa kukunja pembe za karatasi kwa zamu, natandaza duara, nachora msalaba, kisha nachukua robo mbili zinazotazamana. Robo hizo zinakwenda maabara na nyingine mbili zinabaki kwangu. Kwenye zile nane, hata hizo zilizobaki hazikunisaidia, maana uchafu uliingia kabla ya kugawa.

Kuhusu lebo, nina kisa kifupi cha aibu. Mwanzoni niliandika namba juu ya plastiki kwa kalamu ya wino usiofutika, na safari moja ya barabara mbovu ilitosha kuufuta: mifuko ilisuguana ndani ya boksi, na mitatu ilifika ikiwa mitupu kama siku ilipotoka dukani. Nilijaribiwa kukisia kwa rangi ya udongo. Sikukisia, nikaitupa, na mpaka leo naona hilo ndilo pekee nililolifanya vizuri siku ile. Sasa kila sampuli ina lebo mbili zinazofanana, moja nje na moja ndani, zote zimeandikwa kwa penseli. Penseli haichuruziki ikipata unyevu. Ya ndani naitia kwanza kwenye kifuko kidogo cha plastiki, kwa sababu karatasi iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu huoza, na anayefungua mfuko anaitoa pamoja na tope lililokuwa namba ya sampuli. Lebo inabeba namba, kijiji, kina na tarehe. Jina la mwenye shamba, namba za GPS za mahali kutoka kwenye simu, zao lililopita na mbolea iliyotumika vinakaa daftarini.

Namba yenyewe nayo ina mitego. Zamani niliandika 6-2, yaani shamba la sita, kina cha pili, na nilipoingiza orodha kwenye Excel ikanigeuzia kuwa `06-Feb` bila kuuliza. Nilipotumia 007 ikabaki 7. Tangu hapo namba zangu zinaanza na herufi za kijiji: LK07A ni Lukozi, shamba la saba, sentimita 0 hadi 20, na LK07B ni la chini yake. Herufi O na I sizitumii kabisa, kwa kuwa kwa mwandiko wa penseli hugeuka sifuri na moja.

Kuhifadhi hakuna maneno mengi. Udongo uliokauka vizuri, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kwenye rafu iliyo mbali na sakafu na jua, unaweza kukaa miaka bila pH, kaboni wala fosforasi yake kuhama kwa kiasi cha kusumbua. Bahasha za karatasi zilinishinda nilipohamishia nakala zangu Tanga mjini, ambako hewa ya bahari iliurudishia udongo unyevu na mende wakala gundi. Tangu katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilipoanza tarehe 1 Juni 2019, rambo za kuokota dukani hazipo tena, nami sizilalamikii. Shambani nabebea mifuko ya kitambaa cha marekani iliyoshonwa na fundi wa mtaani, inayopitisha hewa. Rafu ya sampuli haikai chumba kimoja na mbolea, hata kama mbolea imefungwa.

Tahadhari moja kwa wanaofanya kazi kwingine: si kila udongo unavumilia kuanikwa. Udongo wa mikoko, kama ule wa delta ya Rufiji, una salfaidi ambazo zikipata hewa hutengeneza asidi, na sampuli iliyokuwa na pH karibu 7 inaweza kukauka ikiwa na pH 4 au chini. Huo pH yake hupimwa ukiwa mbichi.

Zile nane tulizifuta kwenye majibu, na mama wa maabara akaridhika kwamba ukweli umepatikana. Septemba tulirudi Lukozi, tukachukua upya mashamba yaleyale, tukaanika juu ya marekani mpya. Fosforasi ilikuwa kati ya 5 na 9. Mmoja wa wenye mashamba hayo, mzee ambaye jibu lake la kwanza lilikuwa 61, alikuwa amekwishasikia kwa majirani kwamba shamba lake halihitaji tena mbolea ya kupandia, na alikuwa amepanga kutonunua. Nilimweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Akacheka, akanunua mfuko mmoja kwa ajili ya viazi vya vuli, na nilipopita kwake baada ya kupanda alinitolea mfuko mtupu uliokunjwa vizuri, akaniuliza kama nauhitaji kwa kazi zangu za udongo. Nilimshukuru sana, nikamwambia abaki nao.